Kubadilisha gauni peke yake kwenye picha: nitumie ramani ya kina au mifupa ya pozi?

Mama_Marinda

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, chumba changu cha kushonea kiko Pasiansi, na vitambaa huvinunua Makoroboi. Wateja wangu wengi siku hizi huchagua mshono kwa kutazama picha kwenye simu, na kushona gauni moja kwa kila aina ya kitenge ili tu nipate picha ya kuonyesha ni gharama nisiyoimudu. Nikaamua kumpiga picha binamu yangu, kwa ridhaa yake na akijua kazi yenyewe, akiwa amevaa gauni la bluu lisilo na maua yoyote, kisha nibadilishe kitambaa kwa kompyuta ili gauni lile lile lionekane katika vitenge vitatu.

Picha tuliipigia Capri Point, juu ya mawe, ziwa likiwa nyuma yake. Mkono wa kulia ameuweka kiunoni, na wa kushoto ameshika kikapu cha ukili mbele ya paja. Ninatumia Stable Diffusion 1.5 ya kujazia, ile ya `inpainting`, kwenye kompyuta mpakato yenye kadi ya picha ya GB 6. Nimepaka maski juu ya gauni lote, nimeandika maelezo ya kitenge chenye maua ya njano na kijani, na `Denoising strength` nimeiweka 0.75. Kitenge kinatoka kizuri, ila gauni si langu tena. Sketi imetanuka hadi majini, mkunjo wa kiunoni umegeuka mkono wa tatu, na kikapu kimemezwa na kitambaa. Nimesikia kwamba kuna kuongoza kazi hii kwa pozi na pia kwa ramani ya kina. Kwa kazi yangu, ipi ni ipi?

Kijana_wa_Nyegezi

Shikamoo Mama. Huhitaji mambo hayo yote. Tatizo lako ni ile 0.75, kwa sababu kadiri namba hiyo inavyopanda ndivyo modeli inavyoruhusiwa kusahau picha ya mwanzo. Ishushe hadi 0.4 na umbo la gauni litabaki kama lilivyo. Mimi hufanya hivyo kila mara na sijawahi kupata mkono wa tatu.

Mama_Marinda

Marahaba, mwanangu. Nimejaribu 0.35, 0.45 na 0.55 usiku huu kabla umeme haujakatika. Kwa 0.35 gauni ni lile lile la bluu, limepata tu madoa kama limemwagikiwa mchuzi. Kwa 0.45 kuna maua, lakini yana rangi ya bluu iliyofifia, na njano niliyoiandika haionekani popote. Kwa 0.55 njano imeanza kuja, na hapo hapo kiuno kimeanza kusogea. Kwa hiyo kila ninapopata rangi napoteza mshono, na kila ninapopata mshono napoteza rangi.

Studio_ya_Mabatini

Mama, nikushauri kama mpiga picha. Nunua kitambaa cha kijani, mita tatu zinatosha, umning'inizie nyuma ya binamu yako, kisha ukate mandhari kwa urahisi. Mawe na maji ndiyo yanayokuchanganyia picha. Sisi studio tunafanya hivyo kwa picha zote za pasipoti na harusi.

Mama_Marinda

Ahsante kaka, lakini mandhari siyataki yaondoke. Mawe ya ziwani ndiyo yanayomwambia mteja kwamba hii ni kazi ya Mwanza na si picha niliyoiokota mtandaoni. Kinachotakiwa kubadilika ni kitambaa cha gauni peke yake.

Mpiga_Chapa_Kirumba

Mama Marinda, umekieleza vizuri kiini cha tatizo katika ile sentensi ya rangi na mshono, nami nitaanzia hapo. Kijana wa Nyegezi amesema kweli nusu. Namba ile huamua ni kiasi gani cha kelele, yaani chengachenga zisizo na mpangilio, kitamwagwa juu ya picha ya mwanzo kabla modeli haijaanza kuisafisha. Kelele ikiwa kidogo, vitu vidogo kama nyuzi na mikunjo midogo hufunikwa, lakini mabaka makubwa ya rangi hubaki yakionekana chini yake, kama jiwe kubwa linavyoonekana chini ya maji hata yakichafuka kidogo. Bluu ya gauni lako ni baka kubwa kuliko yote kwenye picha, kwa hiyo ndiyo ya mwisho kufutika. Ukiongeza kelele hadi bluu ifutike, umbo nalo limekwisha kufutika, na modeli inabaki kubahatisha gauni kwa kutazama kinachoonekana nje ya maski. Kijana hapati mkono wa tatu kwa sababu, nadhani, hubadilisha nguo kwa rangi zinazokaribiana.

Hapo ndipo ControlNet inapoingia. Ilitolewa mwaka 2023 na Lvmin Zhang, Anyi Rao na Maneesh Agrawala, na kazi yake kwako ni moja: inachukua umbo na kulipitisha kwenye njia nyingine, pembeni ya ile picha iliyomwagiwa kelele. Sasa unaweza kupandisha `Denoising strength` hadi 0.9 ili bluu ife kabisa, huku umbo la gauni likiendelea kuja kutoka kwenye ramani ambayo haijui rangi yoyote.

Kuhusu swali lako la ipi ni ipi, jiulize kwanza kama unabadilisha kitambaa au unabadilisha mshono. Ramani ya kina ni picha ya kijivu ambamo kilicho karibu na kamera ni cheupe na kilicho mbali ni cheusi. Inabeba umbo la nguo yenyewe: kiuno kilipobana, marinda yalipoanguka, kikapu kilivyotangulia mbele ya paja. Mifupa ya pozi, ile ya OpenPose, ina nukta 18 tu za mwili, kuanzia pua na macho hadi vifundo vya miguu, na haijui lolote kuhusu nguo. Inajua kiwiko kiko wapi, lakini haijui kama sketi ni nyembamba au pana. Wewe unataka gauni lile lile katika kitenge kingine, kwa hiyo njia yako ni ramani ya kina. Siku utakapotaka gauni la bluu liwe suti ya suruali, utabadili njia, kwa sababu ramani ya kina itakulazimishia sketi hata uandike suruali mara kumi.

Anza na `Control Weight` 0.8 na `Ending Control Step` 0.7, maana ukiiacha ramani iongoze hadi mwisho, kitambaa hutoka kigumu kama kimepigwa wanga. Ikiachiwa kabla ya mwisho, modeli hupata nafasi ya kumalizia uzi na kingo za kitambaa kwa namna yake.

Binti_Ukerewe

Naomba niingie hapo hapo. Mimi huuza khanga Nansio, na nimejaribu jambo hilo hilo kwa picha ya mama yangu aliyejifunga khanga, nikitaka ionekane doti nyingine. Umbo limekaa vizuri kabisa kwa ramani ya kina, pindo limezunguka inavyopaswa, hata fundo la kifuani liko mahali pake. Ila jina la khanga limeharibika. Niliandika msemo wote kwenye maelezo, na kilichotoka ni herufi zisizosomeka, kama maandishi yaliyolowa mvua. Wateja wangu hununua khanga kwa jina kabla ya rangi. Je, nikiongeza uzito wa ramani litasomeka?

Mpiga_Chapa_Kirumba

Halitasomeka, dada. Maandishi yamechapwa kwenye kitambaa bapa, hayana mwinuko, kwa hiyo ramani ya kina haiyaoni hata kidogo. Na modeli hii ya 1.5 haiwezi kuandika msemo mzima kwa usahihi, uandike utakavyoandika. Njia iliyobaki ni kuiacha sehemu ya jina nje ya maski kama jina halibadiliki, au kulibandika baadaye kwa mkono katika programu ya picha na kulipinda lifuate mkunjo. Ni kazi ya nusu saa kwa picha moja, na sijaona njia ya mkato.

Mama_Marinda

Kaka wa Kirumba, nimefuata maelekezo na nimepiga hatua, ila si kama nilivyotarajia. Mkono wa tatu umekwisha na sketi haitanuki tena. Lakini gauni limekuwa bapa, marinda yote manane ya kiunoni yamepotea, na kitenge kinaonekana kama karatasi iliyobandikwa juu ya mtu. Nimeifungua ile ramani yenyewe nikaitazama. Mawe ya mbele ni meupe sana, ziwa ni jeusi, na binamu yangu ni kivuli kimoja cha kijivu kutoka shingoni hadi miguuni. Marinda hayapo hata kwenye ramani. Nimepandisha uzito hadi 1.3 na hakuna kilichobadilika zaidi ya kingo kuwa kali.

Mpiga_Chapa_Kirumba

Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kuifungua ramani na kuitazama kabla ya kuilaumu modeli. Uzito hauwezi kurudisha kitu ambacho ramani haina.

Chanzo ni Capri Point yenyewe. Ramani hii haipimi mita. Huchukua kitu kilicho karibu kuliko vyote kwenye picha na kukifanya cheupe, kilicho mbali kuliko vyote na kukifanya cheusi, kisha vilivyo katikati hugawana kijivu kilichobaki. Kwako, mawe yaliyo miguuni pa kamera yamechukua weupe wote na ziwa limechukua weusi wote, na mwili wa mtu, ambao kutoka kifuani hadi mgongoni hauzidi hatua moja, umebaki na ukanda mwembamba wa kijivu. Rinda lenye kina cha sentimita mbili au tatu halina pa kuonekana hapo.

Kata picha kwanza, umzunguke binamu yako kwa karibu, mawe ya mbele yatoke na ziwa libaki kidogo tu pembeni. Tengeneza ramani kutokana na kipande hicho, si kutokana na picha nzima. Halafu hakikisha `Preprocessor Resolution` haijabaki kwenye 512, kwa sababu ramani ndogo ikivutwa kuwa kubwa hulainisha kila mkunjo. Washa `Pixel Perfect` ikuchagulie kipimo yenyewe. Ukimaliza, tazama ramani tena kabla ya kubonyeza kitu kingine chochote. Kama huwezi kuyahesabu marinda kwa macho yako, modeli nayo haitayahesabu.

Neno moja la pembeni: ulifanya busara, hata kama hukukusudia, kumpiga picha akiwa na gauni lisilo na maua. Gauni lenye maua makubwa wakati mwingine huidanganya programu ya kina, ikayachukua maua kuwa ni vimbe na mashimo, kisha kitenge kipya kikatoka na vivuli vya maua ya zamani.

Kijana_wa_Nyegezi

Nakubali nilikosea kuhusu kelele. Lakini kwa nini asitumie vyote viwili, ramani ya kina na mifupa ya pozi, kila kimoja kwa uzito wa 1? Mimi naona miguu iliyo chini ya sketi ndefu hukaa vizuri zaidi pozi likiwepo, kwa sababu ramani inaona kitambaa tu.

Mpiga_Chapa_Kirumba

Kwa kazi ya Mama sioni faida yake. Uso, mikono na miguu iko nje ya maski na modeli inaiona waziwazi, kwa hiyo pozi linaiambia jambo inalolijua tayari. Halafu kadi ya GB 6 ikibebeshwa ControlNet mbili itachelewa sana, kama haitakwama kabisa. Kuna hatari nyingine pia: mkono wa kushoto umejificha nusu nyuma ya kikapu, na programu ya pozi ikibahatisha kifundo cha mkono mahali pasipo pake, modeli itajitahidi kuchora mkono pale pale ndani ya gauni.

Kijana_wa_Nyegezi

Kifundo kinaweza kusogezwa kwa mkono kwenye kihariri cha pozi kabla ya kuendelea. Nimefanya hivyo kwa picha za timu yetu ya mpira, na kwa jezi zilizolegea miguu ilitoka vizuri kuliko kwa ramani peke yake. Sitabisha zaidi, ila sikubali kwamba pozi halina kazi.

Mpiga_Chapa_Kirumba

Kwa jezi iliyolegea na mtu anayekimbia, huenda una haki. Mimi nimezoea nguo za kusimama.

Mama_Marinda

Narudi na taarifa, na naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu nimekesha na jambo hili na nataka atakayesoma baadaye asirudie makosa yangu.

Nilikata kipande cha pikseli 1152 kwa 2048 kinachomzunguka binamu yangu, nikakipunguza nusu, 576 kwa 1024, nikatengeneza ramani upya. Safari hii marinda saba kati ya manane yanahesabika. La nane liko nyuma ya kiwiko na sikulidai. Kikapu kinaonekana kimetangulia mbele, cheupe kuliko sketi.

Maski ndiyo iliyonisumbua zaidi. Mara ya kwanza niliipaka kwa uangalifu mwingi, ikashika ukingo wa gauni sawasawa, nikadhani huo ndio ufundi. Matokeo yakawa na uzi mwembamba wa bluu kuzunguka gauni zima, kama bitana lililochungulia. Nikaipanua maski kwa pikseli 6 kuelekea nje, bluu ikaisha upande wa mawe na maji, lakini vidole vilivyo kiunoni vikaunganishwa na kitambaa, na kamba ya kikapu ikageuka mkanda wa kitenge. Mwishowe nikaelewa kwamba maski haiwezi kupanuliwa sawa pande zote. Gauni linapokutana na mawe au maji naitoa nje pikseli 6, maana modeli ikilichora upya jiwe kidogo hakuna mtu atakayejua. Linapokutana na kidole, shingo au kikapu, naishikiza kwenye ukingo wenyewe, na `Mask blur` naishusha hadi 2. Shingoni niliacha mstari wa ngozi bila kuugusa kabisa, kwa sababu hapo ndipo mtu hutazama baada ya uso.

Kwa `Denoising strength` 0.9, uzito 0.8 na kuachia kwenye 0.7, kwa hatua 25, nilitengeneza picha nane. Tano nilizitupa. Moja ilikuwa na zipu mbele ambayo sikuiomba, mbili zilikuwa na kola, na mbili maua yake yalipita juu ya marinda moja kwa moja bila kukatika mahali kitambaa kinapojikunja. Fundi yeyote ataliona kosa hilo la mwisho kabla hajakaa. Tatu zilizobaki ni nzuri, na moja kati ya hizo mama mkwe wangu aliniuliza kitenge hicho nimekinunua duka gani.

Kuna kasoro moja ambayo sikuitambua hadi asubuhi. Gauni ni laini kidogo kuliko uso, kwa sababu nililichorea kwenye nusu ya ukubwa kisha nikalikuza na kulirudisha kwenye picha kubwa. Kwenye simu haionekani. Kwenye bango la mlangoni itaonekana.

Mwanafunzi_Malimbe

Shikamoo Mama, shikamooni wote. Mimi natumia msimbo badala ya programu yenye vitufe, na nina tatizo linalofanana lakini la kinyume. Maski yangu ni safi, gauni linatoka vizuri, lakini uso wa mtu, ambao uko nje ya maski, unabadilika kidogo. Macho yanalegea na kovu dogo la shavuni limepotea. Nimehakikisha mara tatu kwamba maski haigusi uso. Inawezekanaje?

Mpiga_Chapa_Kirumba

Modeli haifanyi kazi juu ya pikseli zako. Picha nzima hubanwa kwanza, kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 ukawa nukta moja, kazi ikafanyika huko, kisha ikakunjuliwa tena. Kubanwa na kukunjuliwa huku huigusa picha yote, pamoja na sehemu ambayo hukuipaka maski. Jiwe halijali, lakini jicho lenye upana wa pikseli 20 limepita kwenye nukta mbili au tatu tu, kwa hiyo kovu na kope huondoka. Programu yenye vitufe anayoitumia Mama huirudisha picha ya mwanzo nje ya maski yenyewe, bila kumwambia. Kwenye msimbo ni juu yako:

```python
out = pipe(prompt=maelezo, image=picha,
           mask_image=maski, control_image=kina,
           strength=0.9, num_inference_steps=25,
           controlnet_conditioning_scale=0.8,
           control_guidance_end=0.7,
           width=576, height=1024).images[0]
mwisho = Image.composite(out, picha, maski.convert("L"))
```

Mstari wa mwisho ndio dawa. Picha, maski na matokeo lazima viwe na ukubwa mmoja, na nyeupe kwenye maski imaanishe sehemu inayochorwa upya. Kutaka kujua kama umefaulu, toa picha moja kutoka kwa nyingine kwa `ImageChops.difference` na utazame. Nje ya maski pawe peusi kabisa. Pakiwa na ukungu wowote wa kijivu usoni, bado hujabandika.

Mwanafunzi_Malimbe

Nimefanya, uso umerudi na kovu lake. Ila sasa naona mstari mwembamba shingoni ambako gauni jipya linakutana na ngozi ya zamani.

Mpiga_Chapa_Kirumba

Lainisha kingo za maski kwa pikseli 2 au 3 kwenye ule mstari wa kubandika tu, si kwenye maski unayoipa modeli. Ni maski mbili zenye kazi mbili.

Dada_wa_Igoma

Samahani, nimesoma yote, nami nina swali la mshono. Nina picha ya mteja wangu aliyoiweka kwenye hali yake ya WhatsApp, amevaa gauni la mikono mirefu. Nataka kumwonyesha lingekuwaje likiwa na mikono mifupi na sketi pana ya marinda. Nitumie ramani ya kina kama Mama?

Mama_Marinda

Mdogo wangu, kabla ya ramani, mwombe mteja picha na umweleze utaifanyia nini. Mimi binamu yangu alikubali, na bado nilimwonyesha kila picha kabla ya kuiweka mahali popote. Ukimvalisha mtu nguo asiyoivaa bila yeye kujua, hata kama nia yako ni kushona, picha ikitoka nje huwezi kumweleza mumewe habari za ramani.

Mpiga_Chapa_Kirumba

Naunga mkono. Akikubali, usitumie ramani ya kina kama ilivyo, kwa sababu itakung'ang'aniza kwenye sketi nyembamba ya zamani. Hapa ndipo mifupa ya pozi inapofaa, na Kijana atafurahi. Lakini kumbuka kwamba maski nayo ni umbo. Ukipaka maski nyembamba iliyofuata sketi ya zamani, modeli itajaza nafasi hiyo na kuishia hapo, kwa hiyo sketi pana haitatokea hata ramani ikiondolewa. Paka maski pana kama sketi unayoitaka, ikiingia kwenye mandhari, na ukubali kwamba sehemu ya mandhari itachorwa upya.

Tazama kivuli pia. Sketi ya zamani ilikuwa na kivuli chake chini, nacho kiko nje ya maski. Ukiacha kivuli chembamba chini ya sketi pana, mtu ataona kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja. Kipake nacho maski.

Kuhusu mikono mifupi, nakushauri ugeuze mpango. Kuongeza kitambaa juu ya ngozi inayoonekana ni rahisi, kwa sababu modeli inabuni kitambaa tu. Kuondoa kitambaa kunailazimu ibuni ngozi ya mtu ambaye haijawahi kumwona mkono, na rangi hailingani na kiganja, wala makovu na saa yake havitakuwepo. Mpige picha akiwa amevaa mikono mifupi, halafu umchoree mirefu.

Studio_ya_Mabatini

Kwa hiyo kile kitambaa cha kijani hakihitajiki kabisa?

Mpiga_Chapa_Kirumba

Kwa kazi hii hapana, kaka. Ingawa umenikumbusha jambo: ukuta ulio nyuma ya mtu, kwa umbali wa hatua mbili, hutoa ramani nzuri kuliko ziwa, kwa sababu hakuna kitu cha mbali cha kuchukua weusi wote. Uani kwako panatosha.

Mama_Marinda

Limebaki moja linalonikera. Kitenge nilichokiandika kwa maneno si kitenge nilichonacho dukani. Kinafanana, lakini maua yake ni ya kubuni. Mteja wa jana alichagua kwa picha, nilipomfungulia kitambaa halisi akasema nimembadilishia.

Kijana_wa_Nyegezi

Piga picha kitenge chenyewe kikiwa kimetandazwa mezani, uitumie kama picha ya rejea kupitia IP-Adapter pamoja na ramani ya kina. Rangi zitakuwa zile zile.

Mpiga_Chapa_Kirumba

Rangi zitakaribia, na mtindo wa maua utakaribia. Ua lenyewe, ukubwa wake na jinsi linavyojirudia kila baada ya kiasi fulani cha kitambaa havitafuata. Nimejaribu kwa kitenge chenye feni kubwa tatu kwa upana, nikapata feni tisa ndogo. Uzito wa rejea ukipandishwa sana, maua huanza kuvamia marinda na umbo kulegea tena. Njia ya hakika ninayoijua ni ya mkono: kubandika picha ya kitenge halisi juu ya gauni, kuipinda kwa kufuata ramani ya kina, kuacha vivuli vya gauni la bluu vipite juu yake, kisha kumalizia kwa `Denoising strength` ndogo, kama 0.25, ili mishono iungane. Hapo namba ndogo ya Kijana inapata kazi yake, kwa sababu rangi tayari ni sahihi na hatutaki isahaulike.

Kijana_wa_Nyegezi

Niliwaambia.

Mama_Marinda

Kwa kitenge kimoja nitafanya kwa mkono. Kwa vitenge arobaini sina usiku wa kutosha. Kwa sasa nimeandika chini ya kila picha kwamba inaonyesha mshono tu na kwamba kitambaa kionwe dukani, na nimeambatanisha picha ya kitenge kikiwa kimetandazwa. Kama kuna mtu aliyefanikiwa kubeba ua lenyewe kwa ukubwa wake bila kubandika kwa mkono, hata kwa kadi kubwa kuliko yangu, naomba aweke hapa namba zake na ramani yake ili tuitazame.

Binti_Ukerewe

Akiweka, na mimi nitakuwepo na jina langu la khanga.